Poligoni za Voronoi kwenye Mto Rufiji: mpaka unapovuka maji bila daraja

Ukiwa na orodha ya vituo vya afya yenye koordineti, programu ya ramani ya QGIS inakuchorea maeneo ya huduma kwa muda mfupi sana. Unafungua `Voronoi polygons`, unachagua tabaka la vituo, unaongeza `Buffer region` ili pembezoni nako kufikiwe, na ardhi yote inagawanyika vipande, yaani poligoni. Kila mahali panapewa kituo kilicho karibu zaidi kwa mstari ulionyooka, na mpaka kati ya vituo viwili jirani hupita katikati kabisa ya umbali wao. Hakuna kijiji kinachoachwa bila kituo, wala kinachodaiwa na vituo viwili.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Haihitaji ramani ya barabara, na ramani hiyo vijijini mara nyingi ina mapengo. Njia za miguu na za bodaboda hazimo, kwa hiyo anayepima umbali kwa barabara pekee anaweza kutangaza kwamba kijiji hakifikiki, ilhali akina mama wake wanakatiza mashambani kwenda zahanati kila wiki. Mahali tambarare penye vijia vingi, mstari ulionyooka unaikaribia safari halisi kuliko barabara chache zilizochorwa. Tena, maofisa wawili wakianza na vituo vilevile watapata mipaka ileile, bila kubishana juu ya mwendo wa mtu anayetembea.

Lakini tazama kinachotokea bonde la Rufiji. Utete, yenye hospitali ya wilaya, iko kusini mwa mto. Ikwiriri, yenye kituo cha afya, iko kaskazini. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liko upande wa Ikwiriri, chini zaidi ya mto kuliko Utete. Sasa chukua kijiji cha mfano kilicho ukingo wa kaskazini, kilomita 6 kutoka Utete na kilomita 18 kutoka Ikwiriri kwa mstari ulionyooka. Poligoni itakikabidhi kwa Utete bila kusita.

Kivuko cha kuvushia watu mtoni pale Utete kikifanya kazi, poligoni imesema kweli. Kikisimama, mgonjwa wa kijiji hicho anayetaka kufika Utete kwa gari atakwenda kwanza Ikwiriri, avuke daraja, ashuke kusini hadi kijiji cha Nyamwage, kisha arudi magharibi zaidi ya kilomita 30. Yaani anapita mlangoni pa kituo ambacho ramani imesema kiko mbali zaidi. Hapo hatuhitaji hata kukadiria mwendo wa gari: kama njia ya kwenda kituo ulichopangiwa inapitia kituo kingine kinachotoa huduma ileile, mpaka umekosewa.

Maneno hayo, huduma ileile, yana uzito. Ukichanganya zahanati na hospitali katika tabaka moja, zahanati itaipokonya hospitali eneo hata kwa upasuaji wa uzazi ambao zahanati haifanyi. Chuja vituo kwa huduma kwanza. Usikatie orodha kwenye mpaka wa wilaya pia. Anayechora Rufiji bila vituo vya Kibiti na Kilwa atapata poligoni kubwa mno pembezoni, zenye vijiji ambavyo wagonjwa wake huenda wilaya jirani.

Mipaka inayovuka mto inaweza kusakwa bila kuikagua kwa macho mmoja mmoja. Unganisha kila kijiji na kituo chake kwa mstari, kisha uliza ni mistari ipi inakata mto. Kwenye hifadhidata ya PostGIS, `kituo_id` ikiwa ni kituo ambacho poligoni imekipa kijiji:

```sql
SELECT k.jina, v.jina AS kituo
FROM vijiji k
JOIN vituo v ON v.id = k.kituo_id
WHERE EXISTS (
  SELECT 1 FROM mto m
  WHERE ST_Intersects(
    ST_MakeLine(k.geom, v.geom), m.geom));
```

Orodha inayotoka ni ya washukiwa tu. Kijiji kilicho karibu na daraja kitaingia humo ingawa wakazi wake wanavuka bila taabu, na mto unaopindapinda utakatwa hata na mstari kati ya sehemu mbili za ukingo mmoja. Kwa kila jina, mpigie mhudumu wa afya wa kijiji umuulize wagonjwa wanapita wapi masika na wapi kiangazi.

Kwa maoni yangu, poligoni hizi zinafaa kubaki kama rasimu ya kwanza, lakini Rufiji inahitaji ramani mbili. Ya kwanza iwe ya kawaida, kwa miezi ambayo kivuko kinavusha. Ya pili itengenezwe kwa kugawa ardhi kwa mto na kuchora poligoni za kila ukingo peke yake, isipokuwa karibu na daraja, kwa nyakati kama Aprili 2024, mafuriko yalipofunika sehemu kubwa ya bonde. Vijiji vinavyobadilisha kituo kati ya ramani hizo mbili ndivyo vya kujadiliwa kwa majina kwenye kikao cha mipango, kabla ya kuamua dozi za chanjo zihifadhiwe wapi na gari la wagonjwa lilale ukingo upi.