Mkojo Hautofautishi Moto na Kovu

Binamu yangu wa Kisumu na mimi tuna lupasi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe, nayo imeingia kwenye figo. Tulianza sawasawa: miguu ikivimba, mkojo ukitoa povu, na protini ikizidi gramu mbili kwa siku. Hapa Leeds niliagiziwa bayopsi, yaani kutolewa kipande kidogo cha figo kichunguzwe, wiki ile ile. Yeye alipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga, na kwa kuwa familia ilikuwa bado inachanga pesa, bayopsi ikaahirishwa.

Nililala kifudifudi, daktari akiitazama figo kwa mashine ya picha, kisha sindano ikafyatuka mara mbili na kutoa nyuzi za nyama nyembamba kama tambi. Baada ya hapo nililala chali kwa saa kadhaa, peke yangu, muuguzi akikagua kama mkojo una damu. Jibu lilisema daraja la nne, yaani nusu ya vichujio vya figo au zaidi vina uvimbe. Madaraja ni sita: mawili ya kwanza kwa kawaida hayahitaji dawa kali kwa ajili ya figo, la tatu na la nne huhitaji, la tano hutegemea zaidi wingi wa protini inayovuja, na katika la sita karibu vichujio vyote vimekuwa makovu.

Hata hivyo, kilichoamua matibabu si daraja pekee. Ripoti ilikuwa na alama mbili: uvimbe hai 11 kati ya 24, na makovu 1 kati ya 12. Huo ni moto unaozimika, kwa hiyo nilianzishwa mikofenoleti, prednisoloni ya kupunguzwa polepole na haidroksiklorokwini.

Binamu alifanyiwa bayopsi baada ya miezi 14, kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikidhoofika, ilipoongezeka na ikapendekezwa aongezewe prednisoloni, ambayo tayari ilikuwa imempandisha sukari. Naye alikuwa daraja la nne, ila uvimbe ulikuwa 2 na makovu 8. Kovu halisikii dawa. Prednisoloni ikapunguzwa badala ya kuongezwa, na nguvu ikaelekezwa kwenye shinikizo la damu ili kilichobaki kidumu.

Ndiyo maana sikubaliani na jamaa zangu wanaosema bayopsi ni anasa ya ughaibuni. Dawa kali ya saiklofosfamaidi, miligramu 500 kila baada ya wiki mbili, mara sita, ni njia inayotambulika kwa daraja la tatu na la nne, lakini haina maana kumchoma sindano hiyo mtu ambaye figo yake imebaki makovu. Ninachomwonea wivu binamu ni shangazi aliyeketi kando ya kitanda chake usiku kucha na chupa ya uji. Hapa hilo sikulipata.

Mwaka umepita na protini yangu bado ni gramu moja. Daktari anataka kipande cha pili, nami nimekubali. Nilipompigia binamu kumweleza, hakuuliza daraja. Aliniambia nikipata ripoti nimsomee kwanza alama ya makovu.