Intigro Moja, Majibu Matatu

Kijana mmoja ninayemsaidia hesabu jioni alinifungulia daftari mezani, akaweka kidole kwenye jibu lake la kwanza, π/4. Akafunua ukurasa wa pili: −π/4. Kisha akanigeuzia kompyuta yake ndogo, nayo ilikuwa imemwandikia 0. Swali lilikuwa lilelile mara zote tatu.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nilipitia kazi yake mstari kwa mstari nikitafuta alama iliyopotea. Hakuwa amekosea popote. Kilichokosea, kwa maoni yangu, ni namna tulivyomfundisha.

Fanksheni yenyewe ni hii, juu ya mraba ambao x na y zote zinatoka 0 hadi 1:

f(x, y) = (x² − y²) / (x² + y²)²

Tuanze na y. Ukichukua y/(x² + y²) ukainyambua kwa y, huku x umeishikilia kama namba ya kawaida, unapata f hasa. Kwa hiyo intigro ya ndani, y ikitoka 0 hadi 1, ni 1/(x² + 1). Ukiijumlisha hiyo kwa x kutoka 0 hadi 1 unapata arctan 1, yaani π/4, takribani 0.785. Sasa badilisha mpangilio, anza na x. Ukiibadilishia x na y nafasi zao, f inageuka alama tu, basi hesabu ni ileile ila jibu linatoka hasi: −π/4. Hapo hakuna ujanja wala kugawanya kwa sifuri kwa siri.

Wengi wetu tulipewa ruhusa ya kugeuza mpangilio kama mtu anavyopewa ufunguo wa nyumba: ingia, toka, utakavyo. Jina la Fubini, mwanahisabati mwenye kanuni inayotoa ruhusa hiyo, linaandikwa pembeni na kazi inasonga mbele. Masharti yake yanasomwa harakaharaka, kama yale maandishi madogo ya mkataba wa mkopo, na kama ya mkataba wa mkopo, ndiyo yanayokuja kukuuma.

Tatizo liko kwenye kona moja tu, pale x = 0 na y = 0. Hapo asili ya sehemu inakwenda sifuri kwa kasi kuliko kiasi chake, na fanksheni inaruka juu upande wa chini wa mshazari (x ikiwa kubwa kuliko y) na kuzama upande wa juu. Tujaribu kuikata kona hiyo. Toa kwenye mraba kijistatili chenye upana a kwa upande wa x na kimo b kwa upande wa y. Katika eneo lililobaki f ni tulivu, haina mahali pa kulipuka, na mpangilio wowote utakupa jibu lilelile. Jibu hilo ni rahisi kulipata. Kwa mpangilio wa kuanza na y, mraba mzima ni π/4, na kijistatili chenyewe ni intigro ya b/(x² + b²) kutoka 0 hadi a, ambayo ni arctan(a/b). Kilichobaki:

π/4 − arctan(a/b)

Itazame vizuri fomula hiyo. Haijali kijistatili ni kidogo kiasi gani. Inajali umbo lake tu, yaani uwiano wa a kwa b. Ukikata mraba mdogo, a = b, unabaki na 0, hata kama mraba huo haufiki ukubwa wa chembe ya chumvi. Ukikata kijistatili ambacho upana wake ni mara mbili ya kimo, unabaki na takribani −0.322, na ukikipunguza mara elfu bila kubadili umbo bado ni −0.322. Chagua namba yoyote kati ya −π/4 na π/4, nami nitakukatia kona itakayotoa namba hiyo.

Na huku kuanza na y, au kuanza na x, ni kukata kona kwa namna fulani. Unapoanza na y kisha ukaileta x kutoka 1 kurudi kuelekea 0, kila unaposimama umebakisha utepe mwembamba uliosimama wima: a ni ndogo sana, b ni 1. arctan(a/b) inakwenda sifuri, na jibu ni π/4. Ukianza na x, utepe unaobaki umelala chini, a ni 1 na b ndiyo ndogo, arctan inakwenda π/2, jibu ni −π/4. Kijana alidhani anafanya hesabu moja kwa njia mbili. Kumbe alikuwa amekata kona mbili tofauti.

Ile sifuri ya kompyuta nayo inaeleweka hapohapo. Programu yake ilikuwa hivi:

```python
n, m = 400, 400
s = 0.0
for i in range(n):
    x = (i + 0.5) / n
    for j in range(m):
        y = (j + 0.5) / m
        s += (x*x - y*y) / (x*x + y*y)**2
print(s / (n * m))
```

Gridi yake ni ya mraba, na kila nukta ina mwenzake ng'ambo ya mshazari mwenye thamani ileile kwa alama ya kinyume. Zinafutana. Unaweza kuongeza n na m pamoja hadi kompyuta ichemke, utapata sifuri, au kivumbi kidogo cha makosa ya kukadiria desimali. Nikamwambia aweke m = 800 tu, n iachwe 400. Ikatoka takribani 0.712. Kwa m = 2000 ikafika 0.785. Akabadilishana n na m, ikawa −0.785. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: ile sifuri ya kwanza ilionekana thabiti kabisa, haibadiliki hata ukiongeza nukta mara kumi pande zote mbili, na kwa kawaida uthabiti wa namna hiyo ndio tunaouchukua kama ushahidi. Ukiwa na shaka na intigro ya namna hii, usiongeze nukta pande zote mbili kwa pamoja. Ongeza upande mmoja uone kama jibu linahama.

Sasa masharti. Chukua f, iondolee alama za hasi, kila thamani iwe chanya, yaani fanya kazi na |f|. Kwa x moja iliyoshikiliwa, y ikitoka 0 hadi x fanksheni ni chanya na jumla yake ni 1/(2x). Kutoka x hadi 1 ni hasi, na ukubwa wake ni 1/(2x) − 1/(1 + x²). Weka x = 0.001: upande mmoja una 500, mwingine una karibu 499 za hasi, na ile 1 ya hesabu yetu ni chenji iliyobaki baada ya vigogo wawili kufutana. Ukiondoa alama havifutani tena, vinajumlishana: 1/x − 1/(1 + x²). Na 1/x haina jumla yenye kikomo karibu na sifuri. Kutoka 0.1 hadi 1 inakupa takribani 2.3, kutoka 0.01 hadi 0.1 inakupa 2.3 nyingine, kutoka 0.001 hadi 0.01 nyingine tena, bila kuisha.

Hapo ndipo penye sharti la Fubini: ruhusa ya kugeuza mpangilio inatolewa iwapo intigro ya |f| juu ya eneo zima ina kikomo. Sababu yake imeshaonekana kwenye kona yetu. Jumla ya |f| ikiwa na kikomo, kipande kidogo unachokata hakiwezi kubeba kitu kikubwa, kiwe kimesimama, kimelala au cha mraba, na kadiri unavyokipunguza mchango wake unakwisha. Jumla hiyo ikikosa kikomo, kila kona, hata iliyo ndogo kiasi gani, imebeba chanya nyingi mno na hasi nyingi mno, na jibu linategemea ulivyozipanga zifutane.

Swali la haki ni hili: nitajuaje kama intigro ya |f| ina kikomo, ikiwa kuipata kwenyewe kunanidai nichague mpangilio? Hapa ndipo anapoingia Leonida Tonelli. Guido Fubini alitoa kanuni yake mwaka 1907, Tonelli akafuata mwaka 1909 na kanuni ya fanksheni zisizo na thamani hasi: kwa hizo, geuza mpangilio upendavyo, majibu yatalingana daima, hata kama jibu ni infiniti. (Fanksheni lazima iwe inapimika, lakini hutakutana na isiyopimika kwenye mtihani wowote wa kawaida.) Kwa hiyo |f| unaichukua kwa mpangilio ulio rahisi kwako, bila hofu. Ikitoka namba, Fubini anakuruhusu kuigeuza f yenyewe. Mimi ningependa Tonelli afundishwe kwanza, kabla hata jina la Fubini halijatajwa, kwa sababu ndiye mwenye kipimo mkononi. Tunafanya kinyume, na wanafunzi wanabaki na ruhusa wasiyojua kuiomba.

Wengine hujitetea kwa kusema watafanya mipangilio yote miwili, wakipata jibu moja basi mambo salama. Hapana. Chukua xy/(x² + y²)² kwenye mraba wa kutoka −1 hadi 1 pande zote. Kushoto na kulia zinafutana, juu na chini pia, na mipangilio yote miwili inatoa 0. Lakini intigro ya |f| haina kikomo. Bakisha robo moja tu ya mraba huo, ile ambayo x na y zote ni chanya, na hakuna kilichobaki cha kuhesabu, kila kitu kinakwenda infiniti. Kulingana kwa majibu kulikuwa bahati ya ulinganifu wa umbo.

Je, sharti likivunjika ndiyo basi? Kijana aliuliza hivyohivyo, maana anaijua intigro ya sin x / x kutoka 0 hadi infiniti, na anajua inapatikana kwa kugeuza mpangilio. Unaandika 1/x kama intigro ya e^(−xy) kwa y kutoka 0 hadi infiniti, unageuza, na jibu linatoka π/2. Ila |e^(−xy) sin x| juu ya eneo hilo lote haina jumla yenye kikomo, kwa hiyo Fubini hajaruhusu.

Dawa ni kukata kwanza, na kusema wazi unakata wapi. Acha x iishie kwenye namba fulani A badala ya infiniti. Kwa eneo hilo, jumla ya |e^(−xy) sin x| haizidi intigro ya |sin x|/x kutoka 0 hadi A, na hiyo haizidi A, kwa sababu |sin x|/x haizidi 1. Sharti limetimia, geuza. Unapata intigro ya 1/(1 + y²), ambayo ni π/2, ukitoa kipande hiki:

e^(−Ay) (y sin A + cos A) / (1 + y²)

Ukubwa wa sehemu isiyo na e hauzidi 1, kwa hiyo kipande chote, y ikitoka 0 hadi infiniti, hakizidi 1/A. Kwa A = 1000 uko ndani ya 0.001 ya π/2, na sasa ndipo unapoiacha A iende mbali itakavyo. Kijana alinyamaza kidogo, akarudi kwenye ukurasa wa −π/4, akachora kona na utepe uliolala chini yake.