Kamba ya urefu wako, ikunje katikati

Ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuongeza kwenye ile meza ambapo mgonjwa hupimwa uzito na presha kabla ya kuingia kwa daktari, nisingeomba mashine. Ningeomba futi ya fundi cherehani. Ikikosekana, hata kamba ya katani inatosha, ilimradi isivutike. Mtu anasimama bila viatu, unakata kamba iliyo sawa na urefu wake kuanzia utosini hadi kisiginoni, unaikunja katikati, kisha unamzungushia tumboni. Ncha zikikutana na kamba ikabaki, vizuri. Zisipokutana, hapo kuna la kuzungumza.

Kanuni yenyewe ndiyo hiyo: mzunguko wa tumbo usifike nusu ya urefu. Mtafiti Mwingereza Margaret Ashwell ameipigania tangu miaka ya 1990, na mwaka 2022 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliiingiza kwenye mwongozo wake kwa watu wazima. Unagawanya mzunguko wa tumbo kwa urefu, vyote kwa sentimita. Jibu likiwa kati ya 0.4 na 0.49, hali ni njema. Kuanzia 0.5 hadi 0.59, hatari ya kisukari, presha na magonjwa ya moyo imeongezeka. Ikifika 0.6 na kuendelea, hatari ni kubwa.

Kwa nini tumbo, wakati mizani ipo? Kwa sababu mizani haijui mafuta yamekaa wapi. Mafuta ya mapajani na makalioni, yale yaliyo chini ya ngozi, hayana ugomvi mkubwa na mwili. Yenye shida ni yale yanayojibana ndani ya tumbo, katikati ya utumbo na kwenye ini lenyewe. Ini likijaa mafuta, insulini haisikilizwi tena ipasavyo, na sukari na mafuta ya kwenye damu huanza kupanda polepole bila mtu kuhisi chochote.

Katika upimaji mmoja wa mtaani nilikuwa nashika futi, akaja dereva mmoja wa makamo. Urefu sentimita 168, uzito kilo 70. Kwa hesabu ya BMI, yaani uzito kugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, alipata 24.8. Kikomo cha uzito mzuri ni chini ya 25, kwa hiyo alikuwa ameshaanza kuvaa viatu aondoke.

"Subiri kidogo kaka, tupime na tumbo."

"Sista, mimi navaa suruali namba thelathini na mbili miaka yote. Sijanenepa."

Namba 32 ni inchi, sawa na kama sentimita 81, na nusu ya urefu wake ni 84. Kwa suruali yake, alikuwa salama. Lakini suruali ya mwanaume mwenye kitambi huwa inateremka taratibu hadi chini ya tumbo, na namba haibadiliki. Fundi naye hupima pale mkanda utakapokaa, maana kazi yake ni suruali ikae vizuri. Sisi tunapima kwingine. Unapapasa ubavu wa mwisho kwa chini, unapapasa mfupa wa nyonga kwa juu, na katikati yao ndipo futi inapopita, juu ya ngozi au shati jepesi. Futi iguse mwili bila kukaza, na nyuma isipande wala kushuka. Kosa la mgongoni ndilo linalotokea sana kwa sababu mpimaji halioni. Kisha unamwambia mtu apumue kawaida, atoe pumzi, na unasoma hapohapo. Wanaume wengi wakiona futi hubana tumbo. Mwache aongee, atajisahau mwenyewe.

Kaka yetu alisoma 92. Gawanya kwa 168, unapata karibu 0.55. Mizani ilikuwa imempa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Dada aliyemfuata alikuwa kinyume chake kabisa. Urefu 165, kilo 78, BMI karibu 28.7, kwa hiyo kadi ingeandikwa uzito uliozidi na angepewa somo la kuacha chapati. Tumbo lake lilisoma 80, ambayo ni 0.48. Uzito wake ulikuwa nyongani na mapajani. Sisemi kilo zake zipuuzwe, na NICE wenyewe wanataka vipimo hivi viwili vitumike pamoja. Ila kama muda wa ushauri ni dakika tano na kuna mmoja tu wa kupewa, mimi nampa yule dereva.

Kuna watakaosema vipimo vya tumbo tulikuwa navyo siku zote. Ni kweli, na hapo ndipo nina dukuduku. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliweka kikomo cha sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke wa Kizungu, halafu kwa sisi wa kusini mwa Sahara likasema tutumie namba hizohizo mpaka takwimu zetu zipatikane. Mwanaume wa sentimita 160 mwenye tumbo la 93 alikuwa anaambiwa yuko sawa, wakati uwiano wake ni 0.58. Mwaka 2017 watafiti walikusanya takwimu za watu zaidi ya 20,000 kutoka nchi 8 za kusini mwa Sahara, wakaona kikomo kinachofaa ni karibu 81 kwa wanaume na wanawake sawia. Ukiizidisha 81 kwa mbili unapata 162, urefu wa watu wengi tu unaopishana nao sokoni. Nusu ya urefu haimbebeshi mfupi kipimo cha mrefu, na ndiyo sababu naipenda kuliko namba moja ya wote.

Sasa mipaka yake, maana kamba haina macho. Haimfai mjamzito. Haitofautishi mafuta na maji, wala na uvimbe wa kizazi, wala na bandama iliyovimba kwa kichocho cha siku nyingi, mambo ambayo huku kwetu si ya vitabuni. Tumbo la mafuta hukua kwa miaka. Tumbo lililojaa ndani ya wiki au miezi michache huku mikono na mashavu yakikonda, au miguu ikivimba, huyo hahitaji ushauri wa chakula, anahitaji daktari amguse tumbo na kumpiga ultrasaundi. Na aliye chini ya nusu asiondoke na cheti kichwani: wapo wembamba wenye presha, na wapo wembamba wenye kisukari.

Pia usigombane na mtu kwa sentimita moja. Baada ya sahani ya ugali tumbo hubadilika, na wapimaji wawili hutofautiana. Pima mara mbili, chukua wastani. Aliye 0.49 na aliye 0.51 wana hali ileile.

Dereva wetu tulimpima presha akiwa ameketi na kutulia, ikawa 148 kwa 94. Kipimo kimoja cha presha hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, kwa hiyo alipangiwa kurudi siku nyingine kurudia, aje asubuhi bila kula apimwe na sukari. Akauliza kama aje na suruali ileile. Nikamwambia aje na yoyote, mkanda ataufungua.