Nilivyomzika Mama Mkurugenzi Akiwa Amekaa Kiti cha Mbele

Jamani, najua toleo la dada wa mapokezi limeshawafikia, lile linalosema nilimsomea bosi dua ya maziko kwenye sherehe yake ya kustaafu. Dua sikusoma. Nilisoma wasifu. Aliyeanza kuinamisha kichwa ni mtu mwingine kabisa, na tutafika kwake. Nawaomba tu msikilize na upande wa mtuhumiwa.

Mnajua shughuli yenyewe. Wasifu wa Mama ulikuwa na maneno 412, na ratiba ikanipa dakika moja. Mimi nikisoma bila papara natoa maneno kama 110 kwa dakika, kwa hiyo karibu robo tatu ya utumishi wa mtu ilitakiwa iondoke. Na aliyeuandika ni mimi, maana yake sikuwa na ubavu wa kuukata. Kila sentensi niliyoigusa ilinitazama kama mtoto anayeachwa kituoni.

Nikapata akili: wapewe wengine waukate. Tena si mmoja. Nikauweka kwenye kundi langu na wenzangu watatu, nikaomba kila mtu alete ufupisho wake. Wa kwanza akaleta, wa pili akaleta uleule ukiwa umebadilishwa maneno mawili, wa tatu akaandika "naunga mkono." Basi nikaufuta, nikamtumia kila mmoja faraghani na kila mmoja kwa sharti lake. Mhasibu nikamwambia abakize mambo yaliyotokea tu. Dada wa mapokezi nikamwambia alenge moyo. Fundi wa kompyuta nikamwambia akate mpaka aone mfupa. Wote kwa saa moja, hakuna aliyeona kazi ya mwenzake.

Na hapo, jamani, nilikuwa sahihi. Nalisema kwa sababu kuanzia aya zinazofuata sitakuwa sahihi tena. Ukiziweka fupisho tatu ubavu kwa ubavu, zinakuonyesha kitu ambacho macho yako mwenyewe hayaoni. Ile aya yangu ya semina na vyeti, niliyoipenda kuliko zote, wote watatu waliitupa bila kuambiana. Hayo ni mafuta, hayana wa kuyatetea. Jambo moja wote waliligusa, jengo hili mikononi mwa Mama. Huo ndio mfupa. Yale ambayo mmoja kayabakiza na mwingine kayakata ndiyo yanahitaji uamuzi wako, na ndipo mimi nilipoingia na kalamu za rangi.

Someni wenyewe. Mhasibu:

"Ametumikia ofisi hii kwa miaka 31. Aliingia akiwa karani, anatoka akiwa mkurugenzi. Mkurugenzi wa kwanza alifariki jengo hili likiwa kwenye msingi. Yeye ndiye aliyelimaliza."

Dada wa mapokezi:

"Zaidi ya miongo mitatu ametulea. Yupo mzee mmoja aliyemshika mkono siku ya kwanza, akamwachia ndoto ya jengo hili. Alilala kabla ya kuliona likifunguliwa, na pengo aliloliacha halijazibika."

Fundi:

"Karani. Msimamizi. Mkurugenzi. Jengo hili ni jasho lake. Leo tunamuaga."

Sasa niambieni, wewe ungeacha "jengo hili ni jasho lake"? Ungeacha "alilala kabla ya kuliona likifunguliwa"? Nilisisimka mwili nikiwa peke yangu mezani. Nikapiga rangi ya njano kwenye kila kifungu kilichonisisimua, nikavitoa vyote, nikavishona. Kilichotoka ni hiki, na mhasibu anacho bado kwenye simu yake, amekataa kukifuta:

"Kwa miaka 31, zaidi ya miongo mitatu, Mama ametulea. Aliingia akiwa karani, anatoka akiwa mkurugenzi. Jengo hili ni jasho lake. Alilala kabla ya kuliona likifunguliwa, na pengo aliloliacha halijazibika. Leo tunamuaga."

Mmeona? Mimi sikuona. (Wewe unayecheka tayari, subiri, hatujafika ukumbini.)

Kwangu mimi yule mzee, mkurugenzi wa kwanza, alikuwepo. Nilikuwa nimemwandika kwa maneno mengi kwenye ule wasifu mrefu, kwa hiyo nikisoma "alilala" namwona yeye, na miwani yake. Nikasema nisijiamini, nimpe mtu ahakiki. Nikampa nani? Dada wa mapokezi, yuleyule aliyemwandika mzee. Naye akamwona mzee. Akanijibu kwa alama ya machozi na neno moja, "Safi." Tulikuwa watu wawili tunaosoma kitu ambacho hakikuwepo kwenye karatasi.

Ukumbini Mama alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, mumewe pembeni yake. Nikaanza. Kwenye "miaka 31, zaidi ya miongo mitatu" nikasikia mnong'ono. Baadaye niliambiwa kuna meza ilikuwa inajumlisha, ikapata miaka 61, ikaanza kuuliza Mama ana umri gani. Hilo ndilo linalotokea ukichukua kitu kimoja kutoka kwa watu wawili kwa sababu kila mmoja kakisema vizuri. Lakini usoni nilikuwa natabasamu, niliujua ule mnong'ono kuwa ni wa heshima.

"Jengo hili ni jasho lake." Makofi. Makofi hasa, ya watu waliosimama nusu. Nikasubiri yaishe. Na hapa lazima nikiri kitu kibaya zaidi: nilikuwa nimefanyia mazoezi sentensi inayofuata. Mbele ya kioo. Nilipanga kunyamaza kidogo, kushusha sauti, na kuinua macho niwaangalie watu.

Nikanyamaza. Nikashusha sauti. Nikainua macho.

"Alilala..."

Mama bado anatabasamu. Tabasamu la mtu aliyesikia jina lake likitajwa.

"...kabla ya kuliona likifunguliwa..."

Tabasamu lipo palepale ila macho yameanza kusogea, kushoto, kulia, kama anayetafuta mtu. Mumewe akageuka akamtazama. Akamtazama vizuri, jamani, kuanzia juu hadi chini, kama anayehakikisha.

"...na pengo aliloliacha halijazibika."

Nyuma kabisa alikuwepo mgeni mmoja aliyechelewa. Hakuwa na habari hata ni shughuli ya nini. Akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa. Safu yake ikamwona, ikaona aibu kukaa, ikasimama. Safu ya mbele yao ikasikia viti vinasogea, nayo ikanyanyuka. Mshereheshaji alikuwa anaangalia ratiba yake, alipoinua uso akakuta nusu ya ukumbi imesimama kimya, akashika kipaza sauti akasema kwa ule utaratibu wake, "Basi tusimame sote kwa dakika moja tumkumbuke."

Wakasimama wote. Mama naye akasimama. Nikamwona kwa macho yangu akiinamisha kichwa kujikumbuka.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nimebakiza sentensi moja. Mtu mwenye akili angekunja karatasi. Ila mikono ikiwa imeshika karatasi na watu wamenyamaza namna ile, kilichoandikwa kinasomwa tu.

"Leo tunamuaga."

Kuna mtu akasema "Amina."

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Mama alicheka, alicheka mpaka akakaa, akaomba kipaza sauti akasema yeye bado yupo na mafao yake anayataka. Mumewe hakucheka sana. Mshereheshaji hanisalimii. Mimi nilikwenda kusimama karibu na mlango.

Jioni nilikaa na zile karatasi nikaona uchawi uko wapi. Dada aliweza kuandika "alilala" bila kumtaja mtu kwa sababu sentensi iliyotangulia ilishamweka mzee pale. Kile kifungu kilikuwa kifupi kwa mgongo wa jirani yake. Mimi nilikibeba chenyewe nikamwacha jirani, kisha nikakiweka nyuma ya "jasho lake" la fundi, ambalo mwenyewe ni Mama. Na lugha yetu haikunionya. Ingekuwa nimechanganya jengo na barabara, "lilichelewa" na "ilichelewa" zingegombana papo hapo ningeshtuka. Watu hawana bahati hiyo. Karani ni a-, mkurugenzi ni a-, aliye hai ni a-, marehemu ni a-. Kitenzi kinampokea yeyote aliyetajwa mwisho, hakiulizi cheti cha kifo.

Nakala ya kumbukumbu ilibidi iandikwe upya, na safari hii sikushona viraka. Nilichukua ufupisho wa mhasibu mzima kama ulivyo uwe mwili, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa na kila mtu mahali pake. Kutoka kwa wale wawili niliruhusu kinachoingia bila kufukuza sentensi iliyokuwepo. Kikitaka kuchukua nafasi, kwanza nauliza aliyekuwa pale alikuwa kambeba nani. Kisha nikapita kila "a-" kwa kidole nikiuliza "nani huyo?" na pale panapojibu kwa kusita nikarudisha cheo cha mtu. Miongo mitatu ikatoka, 31 ikabaki. Mwisho nikampa mlinzi wa usiku asome kwa sauti, kwa sababu hajawahi kuuona wasifu mrefu na hamjui yule mzee. Nikamuuliza aliyefariki ni nani. Akanijibu sawasawa, ila kwanza alinitazama.

"Kwa miaka 31 Mama ametulea. Aliingia akiwa karani, anatoka akiwa mkurugenzi. Mkurugenzi wa kwanza, aliyemshika mkono siku ya kwanza, alilala jengo hili likiwa kwenye msingi. Mama ndiye aliyelimaliza. Ni jasho lake. Leo anastaafu."

"Tunamuaga" niliitoa. Haina kosa lolote kisarufi. Sitaki tu kuiona.

Kuhusu video: ndiyo, ipo, na ndiyo, nimeomba ifutwe. Wale watatu wamekataa. Wamesema ni ndefu mno kusambaza, kwa hiyo kila mmoja anaikata ya kwake, halafu watachukua sehemu nzuri za zote tatu.