Neno la mtaani likishaingia kwenye kamusi

"Kamusi ikishaliweka neno kama 'mchongo', mimi nitamkosoaje mwanafunzi anayeliandika kwenye insha?" Aliyeuliza ni mwalimu wa Kiswahili, na aliuliza kwa uchungu kidogo.

Atamkosoa kwa kumwonyesha kile kifupisho kidogo kinachokaa kati ya kidahizo, yaani neno lenyewe, na maana: lebo inayosema neno hilo hutumika wapi. Mwanafunzi amesoma maana akaruka lebo, na hayuko peke yake; wengi wetu hufanya hivyo hivyo. Hapo hofu ya mwalimu ina msingi. Kamusi iliyobeba neno "sanifu" kwenye jalada lake huchukuliwa kama hakimu, na hakimu akishalitaja neno, mtu wa kawaida husikia "ruksa". Wanaotaka maneno ya mtaani yabaki nje hawawachukii vijana. Wanaogopa kwamba herufi mbili tatu za kifupisho haziwezi kubishana na heshima ya kitabu kizima.

Ila lawama inayofuata, kwamba wahariri siku hizi wanazoa kila kinachosikika, inaonyesha kwamba kazi yao haijulikani. Tuchukue kitenzi "chakachua". Mwaka 2010 kilisikika kila kona ya Tanzania: kwanza kwa mafuta ya magari yaliyotiwa mafuta ya taa, kisha kwa matokeo ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huo. Mhariri anayekikuta wakati huo hana haja ya kutafuta mifano, maana imejaa. Kazi yake ni kuipunguza.

Anaanza kwa kutenga kutajwa na kutumika. Makala inayoeleza kwamba "siku hizi watu wanasema kuchakachua, maana yake ni hii" inalitaja neno tu. Inathibitisha kwamba mwandishi alidhani wasomaji hawalijui, na huo ni ushahidi wa upande wa pili. Kisha anaondoa marudio. Kauli moja ya mwanasiasa ikinukuliwa na magazeti kumi ni mfano mmoja, na kibao kimoja kinachopigwa redioni mwaka mzima nacho ni mfano mmoja. Baada ya mchujo huo, mifano mia inaweza kubaki kumi na miwili. Hiyo kumi na miwili, ikiwa imetoka kwa watu wasiojuana, katika mada tofauti na miaka tofauti, ina uzito kuliko ile mia.

Kiswahili kinampa mhariri kipimo kingine ambacho nakipenda kuliko idadi. Neno la kupita husemwa katika umbo moja au mawili, kama kibwagizo. Neno lililokaa huanza kuzaa. Chakachua ilipata "chakachuliwa" na "chakachulia", ikapata "mchakachuaji" na wingi wake "wachakachuaji", halafu "uchakachuaji". Msemaji anayeunda nomino dhahania kutokana na kitenzi cha mtaani hajioni tena kama anatania. Amekikabidhi kwenye sarufi, nayo imekipokea.

Uamuzi wa kuliingiza neno, kwa hiyo, si mgumu kama unavyodhaniwa. Ugumu uko kwenye lebo, na kosa la kwanza hapo ni kuibandika kwenye neno zima. Lebo ni ya maana, si ya neno. "Bongo" kwa maana ya wingi wa ubongo haina haja ya lebo yoyote. Kwa maana ya Tanzania inahitaji. "Chai" ya kunywa na "chai" ya kumpa ofisa chini ya meza zinaandikwa sawa lakini hazisemwi mbele ya watu wale wale.

Mhariri anajuaje maana ipi ivae lebo? Anatazama jinsi waandishi wanavyolishika neno. Neno lisilozoeleka katika maandishi rasmi huingia likiwa na ulinzi: alama za mtajo, au "kama wasemavyo vijana", au "kinachoitwa". Baadaye alama za mtajo huanguka, lakini neno linabaki ndani ya maneno ya mtu aliyenukuliwa. Mwisho mwandishi mwenyewe analitumia kwa sauti yake, katika habari ya kawaida, bila kuomba radhi. Nikipewa chakachua, ningetenganisha hivi: maana ya kutia kitu kingine katika mafuta ili kudanganya, bila lebo; maana ya kuvuruga matokeo au hesabu kwa hila, lebo ya mazungumzo, na mfano wa sentensi ambayo mtu anamlalamikia mwenzake. Mfano huo hufanya kazi ambayo kifupisho hakiwezi, kwa sababu msomaji aliyeruka lebo bado ataisikia sauti ya anayesema.

Nimeandika "mazungumzo", sikuandika "msimu", jina wanaloitwa maneno ya mtaani, kwa makusudi. Jina "msimu" linaahidi kupita, kama msimu wa mvua. Maneno mengi ya mtaani hupita kweli, lakini mengine hukaa kizazi baada ya kizazi yakiwa bado hayafai kwenye barua ya kikazi. Chai ya rushwa haipiti, na bado huwezi kuiandika kwenye hati ya mashtaka isipokuwa umemnukuu mshtakiwa. Lebo moja inapobeba umri wa neno, kundi linalolisema na kiwango chake cha adabu, msomaji hajui ameonywa kuhusu lipi. Bora zitenganishwe, hata kama zitakula nafasi.

Halafu kuna miaka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, toleo la pili 2004, la tatu 2013. Kati ya la kwanza na la pili ni miaka 23. Nimekuwa nikiirudia namba hiyo kichwani. Neno lililozaliwa 1985 likafa 1995 halikuwa na toleo la kuingia; lilipita katikati bila mlango. Kwa hao wanaopinga, hilo ni jema: muda umechuja wenyewe. Lakini msomaji wa leo anayekutana na neno hilo kwenye gazeti la 1990 hana pa kulitafuta. Na tazama upande wa pili. Maana ya neno hubadilika polepole, hadhi yake hubadilika haraka. Lebo iliyokuwa sahihi siku ya kuchapwa inaweza kuwa ya uongo kabla toleo jipya halijaonekana, na hakuna msomaji anayeandika kwa kalamu ukingoni kwamba neno hili sasa limeheshimika. Daladala lilianza kama jina la mtaani. Kamusi ambayo ingeendelea kuliita la mtaani leo ingekuwa inapotosha kuliko ile ambayo ingeliacha kabisa.

Kwa hiyo nakubaliana na mwalimu kwamba mhariri asikimbilie. Neno lisubiri miaka michache, lizae, lipoteze alama za mtajo. Sikubaliani naye kwamba lisubiri nje hadi liwe safi, maana kuna mengine hayatasafika kamwe na bado watu watahitaji kujua maana yake, hasa mgeni wa lugha ambaye hana wa kumnong'oneza kwamba neno fulani halisemwi mbele ya wakwe.

Na yule mwanafunzi? Akiandika "uchakachuaji wa mafuta" kwenye insha ya hoja, nisingemkata alama. Akiandika kwamba serikali ina mchongo wa kujenga barabara, ningemkata. Akiliweka "mchongo" kinywani mwa mhusika kijana kwenye hadithi, ningempa alama zake zote.