Kii inayokatika kila mara: kuiongezea ugumu, au kuhamia splaini?

"Kii ya habu kwenye shafti ya milimita 50 inanikatikia kila baada ya miezi michache. Nitengeneze nyingine ya chuma kigumu zaidi, au nichonge splaini niachane na kii kabisa?"

Kabla ya kuchagua, vichukue vile vipande viwili uviangalie kwenye mwanga. Kii iliyokatwa na mzigo mmoja mkubwa wa ghafla huwa na uso wa mkato ulionyooka, na pembe zake zinabaki kali. Iliyochoka taratibu husema jambo jingine: ubavuni ina ngazi, upande wa juu umesukumwa huku na wa chini kule, kingo zimeviringika. Ukiingiza kidole kwenye mfereji wa habu, utagusa mdomo uliotanuka. Ukiona pia vumbi jekundu la kutu kavu, jua habu imekuwa ikicheza juu ya shafti kwa muda mrefu. Hapo kii ilipondwa kwanza, mkato ukaja mwishoni.

Tufanye hesabu. Tuseme mota ni ya kilowati 7.5, na baada ya gia shafti inazunguka mara 145 kwa dakika. Msokoto ni 9550 × 7.5 ÷ 145, yaani karibu newtoni mita 494. Msokoto huo unashikwa kwenye uso wa shafti, milimita 25 kutoka katikati, kwa hiyo kii inasukumwa kwa karibu newtoni 19,800. Shafti ya milimita 50 kwa vipimo vya DIN 6885 huchukua kii ya upana wa 14 na kimo cha 9, milimita 5.5 zinazama ndani ya shafti, na 3.5 zilizobaki ndizo zinazoikamata habu. Tuseme urefu wake ni 50.

```
mkato:     F / (b × L)
kupondwa:  F / (k × L)
```

F ni nguvu ile, b ni upana wa kii, na k ni kimo cha ubavu unaogusa. Wengi hukosea kwenye L. Kii yenye ncha za mviringo haibebi kwa urefu wake wote, kwa sababu zile ncha hazigusi ubavu wa mfereji. Toa upana wa kii: 50 − 14 = 36. Kosa la pili ni kuchukua nusu ya kimo, 4.5, ilhali habu inagusana na 3.5 tu. Anayefanya makosa yote mawili atapata mkazo wa kupondwa wa megapaskali 88 na kulala usingizi. Hesabu yenyewe ni 19,800 ÷ (3.5 × 36), yaani megapaskali 157. Mkato ni 19,800 ÷ (14 × 36), yaani 39.

Sasa weka kishindo cha kuwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja inaweza kutoa msokoto mara mbili ya ule wa kawaida, au zaidi. Mkato unapanda hadi 78, na kii ya chuma cha kaboni ya wastani bado ina akiba kubwa. Lakini kupondwa kunafika 314, na habu ya chuma laini huanza kubonyea bila kurudi kwenye megapaskali 250 hivi. Kila kuwasha kunabonyeza mfereji kidogo. Nafasi inaongezeka, kii inaanza kuinama ndani yake, inagonga badala ya kusukuma, na siku moja inakatika. Fundi anaokota vipande na kusema kii ilikuwa dhaifu.

Wanaotetea kii ngumu wana hoja, na siidharau. Ikiwa mifereji yote miwili ni mizima, kii inakaa bila kucheza, na uso wa mkato ni ule ulionyooka, basi kweli kii ndiyo iliyozidiwa, na chuma bora kitasaidia. Lakini kwa dalili za kupondwa, ugumu hauongezi hata milimita moja ya eneo la kugusana. Megapaskali 314 zinabaki zile zile. Zinaiacha kii na kuhamia kwenye habu na shafti. Kii ni kipande cha kubadilisha kwa muda mfupi. Shafti siyo. Pembe za mfereji tayari hukusanya mkazo, na katika msokoto mkazo wa pale unaweza kufika mara tatu ya ule wa shafti isiyochongwa. Nimewahi kuona shafti iliyowekewa kii ngumu kama tupa: ufa ulianzia kwenye pembe ya mfereji ukaizunguka shafti kwa mshazari.

Splaini nayo ina haki yake. Mzigo unagawanywa kwenye meno mengi, habu inakaa katikati vizuri zaidi, na pale habu inapotakiwa kuteleza juu ya shafti huku ikizunguka, kii ya kawaida haifui dafu. Ila meno hayashiki yote sawasawa. Makosa madogo ya kuchonga huacha baadhi yakibeba na mengine yakitazama, ndiyo maana wabunifu huhesabu sehemu tu ya meno. Na kuteleza chini ya mzigo kuna masharti makali: utaratibu wa zamani wa SAE kwa splaini za pande bapa uliweka shinikizo la karibu megapaskali 7 tu. Kwa habu inayokaa pale pale, inayozunguka upande mmoja, naona ni kuchonga shafti na habu upya kwa tatizo ambalo urefu ungelimaliza.

Kuna pia anayetaka kukaza skrubu ya kubana zaidi ili isaidie kubeba. Skrubu ya nusu inchi iliyokazwa sawasawa hushika kwa karibu newtoni 13,000 kabla ya kuteleza, na kwa mzigo unaotikisika hutakiwi kuitegemea hata kwa nusu ya hiyo. Sisi tunahitaji 19,800 kabla ya kishindo. Kazi yake hapa ni kuizuia kii isitambae na habu isihame. Ukiikaza kupita kiasi juu ya kii, unaisukuma habu upande mmoja na inaanza kuyumba.

Kwa kesi hii ningerefusha. Kii ya milimita 70, kwenye habu yenye urefu wa kuimeza, inabeba kwa 56. Kupondwa kunashuka hadi megapaskali 101, na 202 wakati wa kuwasha, chini ya ile 250. Akiba si kubwa, kwa hiyo kama mashine inawashwa mara nyingi, tafuta pia namna ya kuiwasha polepole. Usipite milimita 75, mara moja na nusu ya kipenyo, kwani shafti hujisokota kidogo chini ya mzigo na sehemu ya mbali ya kii haipati kazi. Na kama habu ni ya chuma cha kutupwa, usitumie 250 hata kidogo. Fanya hesabu kwa kikomo cha habu yenyewe, ambacho ni cha chini zaidi.

Mfereji uliokwisha kutanuka usiufunike kwa kii mpya ya vipimo vile vile, itaanza safari ile ile. Chonga mwingine kwenye upande usioguswa wa habu na wa shafti, kisha uingize kii kwa kugonga taratibu na nyundo laini. Ikiingia kwa kidole tu, ni nyembamba mno kwa mzigo huu.