Usiifukuze #VALUE! kabla hujaisikiliza

Nina ugomvi na ushauri mmoja ambao watu wa shiti za hesabu wanapeana kila siku, fomula ya Excel inapotoa neno la kosa badala ya jibu: "Ikikuletea #VALUE!, tumia SUM, itaondoka." Ni kweli itaondoka. Tatizo ni kwamba mara nyingi inaondoka na pesa.

Nitaeleza kwa kikundi cha akiba nilichokisaidia kusawazisha hesabu pale Arua, cha akina mama wanaouza vitenge na samaki wakavu. Ni kikundi kama vingine vingi vya Uganda: wanakutana mara moja kwa wiki, pesa inahesabiwa mbele ya wote, inaingia kwenye sanduku la kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Kitabu cha kalamu bado kipo, ila mweka hazina alianza kuingiza hesabu pia kwenye laptopu ya mwanawe, safu A ya majina na safu B ya kiasi. Wanachama kumi, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 11.

Kwa mpangilio, waliingiza hivi: 40,000, 25,000, 30,000/=, 50,000, 20,000, 35,000, 45,000, 60,000, 15,000 na 30,000. Ukijumlisha kwa kichwa unapata 350,000.

Fomula ya kwanza aliiandika kama mtu anayehesabu kwa vidole: B2 jumlisha B3 jumlisha B4, mpaka B11. Excel ikamrudishia #VALUE!. Wengi hapo huona kompyuta imekasirika. Mimi naona imemtendea haki. Seli ya B4 ilikuwa na 30,000/=, vile tunavyoandika shilingi kwenye risiti na kwenye ubao wa bei tangu tupate akili. Kwetu hiyo ni pesa. Kwa Excel ile alama ya /= inageuza seli nzima kuwa maandishi, na maandishi hayajumlishiki. Kwa hiyo fomula ilikuwa inasema wazi: humu ndani kuna kitu nisichoweza kukihesabu, kitafute.

Hakikutafutwa. Kijana mmoja anayejua kompyuta alipita, akafuta fomula ile ndefu, akaandika kwenye B12:

```
=SUM(B2:B11)
```

Ikatoka 275,000. Hakuna alama nyekundu, hakuna neno la kutisha, na kijana akashukuriwa.

SUM haikukosea, na hili ndilo watu hawapendi kulisikia. Imeundwa hivyo makusudi: ikipewa eneo la seli, inachukua nambari na kuruka maandishi yote kimyakimya. Kuna sababu nzuri. Ukiingiza kichwa cha safu ndani ya eneo, au ukaandika "hayupo" mbele ya jina la mtu aliyesafiri, jumla haivunjiki. Ila SUM haina njia ya kutofautisha "hayupo" na "30,000/=". Zote mbili kwake ni maneno.

Lakini 350,000 ukitoa 30,000 ni 320,000. Ile 45,000 nyingine imekwenda wapi? Iko B8, na kwa macho haina kasoro yoyote. Mweka hazina aliinakili kutoka kwenye taarifa ya pesa za simu, ikaingia ikiwa maandishi yenye sura ya nambari. Hapa ndipo Excel inapochanganya hata wazoefu. Ukiijumlisha seli hiyo kwa alama ya +, Excel inajitahidi, inaigeuza kuwa nambari na kuihesabu. Ukiipitisha kwenye SUM kama sehemu ya eneo, inairuka. Seli ni ileile, majibu ni mawili. Maana yake, kama pale mwanzo wangeondoa tu ile /= kwenye B4 na kuiacha fomula ndefu kama ilivyokuwa, wangepata 350,000 kamili. Fomula "mbaya" ingewapa jibu sahihi, na ile "nzuri" imewaficha 75,000.

Jicho linaweza kusaidia kidogo. Kwa kawaida nambari hukaa upande wa kulia wa seli na maandishi upande wa kushoto. Lakini mweka hazina wetu anapenda vitu nadhifu, alikuwa ameweka kila kitu katikati, na dalili hiyo ikafa. Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli ingeweza kumtahadharisha kuhusu B8; yeye aliichukulia kama pambo.

Baadaye akaingia mwanachama wa kumi na moja, na 20,000 zake. Jina lake likaandikwa mstari wa 12, mahali palipokuwa na jumla, na jumla ikanakiliwa kwenda B13. Kunakili si kuhamisha. Ukikata kwa Ctrl+X na kubandika, fomula inakwenda vilevile ilivyo. Ukinakili kwa Ctrl+C, eneo lake linashuka pamoja nayo. Fomula ikawa:

```
=SUM(B3:B12)
```

Mwanachama mpya kaingia, na mama wa kwanza kwenye orodha, mwenye 40,000, katoka. Jumla ikasoma 255,000. Sandukuni mlikuwa na 370,000.

Sasa hapo, wengi wangesema afadhali, pesa imezidi. Mwenyekiti mwenyewe alicheka: "Mama, leo Mungu ametuongezea." Mimi sikucheka. Ziada ya 115,000 ni hatari kuliko upungufu, kwa sababu mtu mmoja akizichukua, shiti na sanduku vitakubaliana kabisa. Upungufu mtaugundua siku hiyohiyo mkihesabu. Ziada iliyochukuliwa hamtaiona mpaka siku ya mgao mwisho wa mwaka, na siku hiyo wa kwanza kunyooshewa kidole ni mweka hazina.

Dawa ninayoipendelea ni ndogo sana, na inakaa pembeni ya jumla, kwenye safu D. Seli tatu tu:

```
=COUNTA(A:A)-2
=COUNTA(B3:B12)
=COUNT(B3:B12)
```

Ya kwanza inahesabu majina yote, ukitoa kichwa cha safu na neno "Jumla". Ya pili inahesabu seli zenye chochote ndani ya eneo lilelile linalotumiwa na SUM. Ya tatu inahesabu zenye nambari tu. Kwa kikundi chetu zilitoka 11, 10 na 8. Soma pengo moja moja. Kutoka 11 hadi 10: kuna mtu mmoja ambaye eneo halimgusi. Kutoka 10 hadi 8: kuna seli mbili zinazorukwa kwa sababu ni maandishi. Kabla hujagusa kitu, umeshajua una magonjwa mawili tofauti na ukubwa wa kila moja. Zikiwa sawa zote tatu, hayo mawili hayapo. Sharti ni kila mwanachama awe na kitu kwenye safu B, hata kama ni 0.

Kutibu maandishi: chagua safu B, weka muundo wa General, kisha Ctrl+H, tafuta /= na ubadilishe na pasipo kitu. B4 itageuka nambari palepale. Kwa B8 kubadilisha muundo peke yake hakutoshi, na hapa watu wengi hukwama. Wanachagua Number, seli inabaki maandishi, wanalaani kompyuta. Muundo hubadilisha sura ya kinachoonekana, haugusi kilichokwisha kuingia. Nenda Data, Text to Columns, kisha bonyeza Finish bila kubadilisha lolote. Excel itasoma upya kila seli ya safu hiyo kana kwamba umeichapa sasa hivi. Ikikataa hata hapo, kuna uwezekano nambari imekuja na nafasi isiyoonekana, ile ya CHAR(160) inayopenda kutoka kwenye kurasa za mtandao na ambayo hata TRIM, fomula ya kufuta nafasi za ziada, haiiondoi. Basi tumia safu ya pembeni:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(B8,CHAR(160),""))
```

Kutibu eneo ni alama moja ya dola:

```
=SUM(B$2:B12)
```

B$2 imefungwa, hivyo ukiinakili fomula kwenda chini mwanzo haushuki, unashuka mwisho peke yake. Kama ingeandikwa hivyo tangu B12, kunakili kwenda B13 kungemwingiza mgeni bila kumtoa mwenyeji. Na asidharau mtu kosa la eneo kwamba ni la wasiosoma. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa utafiti kuhusu madeni ya serikali uliotajwa na wanasiasa wengi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, Michael Ash na Robert Pollin wakaonyesha kwamba, pamoja na kasoro nyingine, wastani mmoja uliishia mstari wa 44 badala ya 49, nchi tano zikabaki nje.

Ukaguzi wangu wa seli tatu una kikomo chake. Unakuambia seli ni nambari. Haukuambii ni nambari gani. Sifuri ikipungua, COUNT haioni. Arua iko jirani na Kongo, na laptopu iliyowekwa mipangilio ya Kifaransa inaichukulia koma kama nukta yetu, hivyo 30,000 uliyoichapa inaweza kuingia kama thelathini. Hapo bado mnahitaji kuhesabu sanduku.

Kuhusu /=, sikumwambia mweka hazina aache kuiandika. Bila alama hiyo wanachama wanaona kama si pesa, na shiti ni yao. Nilimchagulia safu B muundo maalumu, Format Cells halafu Custom:

```
#,##0"/="
```

Anachapa 30000, inaonekana 30,000/=, na ndani yake bado ni nambari safi. Niliongeza na Data Validation inayokubali nambari kamili tu, kwa hiyo akichapa /= kwa mkono inakataliwa. Ila kinachobandikwa kutoka kwenye simu kinapita bila kuulizwa, na kwa hicho zile seli tatu za safu D bado zinabaki.